Chakula, vinywaji na dawa kwenye meza ya mtahiniwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila bodi ya mitihani ina kanuni zake, na kanuni za bodi yako ndizo zenye neno la mwisho. Majibu haya yanaeleza utaratibu wa kawaida, sababu zake, na mahali mambo yanapokwama. Tumekaa zaidi kwenye kisukari na pumu, kwa sababu ndizo hali ambazo dakika chache za kuchelewa zinaweza kumgharimu mtahiniwa mtihani, au zaidi ya mtihani.

## Mtahiniwa asiye na ugonjwa wowote anaruhusiwa kuwa na nini?

Mara nyingi ni maji tu, kwenye chupa inayoonyesha ndani, isiyo na lebo wala maandishi. Vituo vingine huruhusu pipi au vitafunio vidogo vilivyotolewa kwenye maganda, vingine havitaki chakula kabisa. Chingamu hukataliwa karibu kila mahali. Kama tangazo la kituo halitaji chakula, hesabu kwamba hakiruhusiwi, kisha uulize mapema.

## Kwa nini lebo ya chupa iondolewe?

Kwa sababu upande wa ndani wa lebo, unaoonekana kupitia maji, ni mahali pa zamani pa kuficha maandishi. Ibandue nyumbani. Ukiibandulia mlangoni gundi inabaki, chupa inanata, na karatasi ya majibu inanata nayo.

Chupa ya mililita 500 inatosha kwa mtihani wa saa tatu. Ichague yenye kifuniko cha kusokota au cha kunyonya, na uiweke sakafuni upande wa mkono usioandikia. Karatasi za majibu zinazosomwa na mashine ndizo zinazoumia zaidi maji yakimwagika. Karatasi iliyolowa na kukauka hujikunja, mashine ikashindwa kuivuta au kusoma alama zake. Ikitokea, usiipanguse kwa kitambaa. Inua mkono, msimamizi aandike tukio na akupe karatasi nyingine ya kunakilia.

## Dawa za kawaida kama za maumivu, kikohozi au mafua zinahitaji kibali?

Kibali cha daktari mara nyingi hapana, lakini mwonyeshe msimamizi kabla ya mtihani kuanza, si katikati. Beba dozi ya kipindi hicho tu. Mtu anayemeza parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 hana sababu ya kuingia na pakiti nzima.

Hapa kuna mgongano mdogo unaosumbua vituo vingi. Kwa chakula tunasema toa ganda na lebo, ila kwa dawa lebo inatakiwa ibaki, kwa sababu kidonge cheupe kisicho na jina hakuna anayeweza kukithibitisha, na ukizidiwa hakuna atakayejua ulimeza nini. Suluhisho linalokubalika kwa kawaida ni hili: dawa ibaki kwenye pakiti yake yenye jina, ila karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi itolewe na kuachwa nje. Ile karatasi ina nafasi kubwa ya kuandikia, na ndiyo msimamizi anayoitafuta anapofungua boksi.

Pipi za kikohozi zimenyue kabla. Ule mchakacho wa plastiki kwenye chumba kimya husikika hadi safu ya mwisho. Na dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi usizijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

## Nina kisukari. Je, insulini lazima iwe mezani?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na karibu kila mara linaanzia upande usio sahihi. Kitu ambacho lazima kiwe mezani, ndani ya urefu wa mkono, ni sukari inayofyonzwa haraka pamoja na kipima sukari. Insulini inafuata baadaye.

Sababu ni mwendo wa matatizo yenyewe. Sukari ikipanda, inapanda kwa saa kadhaa. Una muda wa kuinua mkono, kupima, kutoka na kujidunga. Sukari ikishuka, unaweza kutoka kwenye kujisikia sawa hadi kuchanganyikiwa ndani ya dakika chache, na mtu aliyechanganyikiwa hawezi kueleza anachohitaji. Mara nyingine hata hainui mkono. Anaendelea kuandika mistari isiyo na maana. Ndiyo maana mpango unaosema "glukosi itakuwa kwenye meza ya msimamizi" ni mpango mbovu, hata kama insulini imeruhusiwa mezani.

Kwa hiyo panga hivi: glukosi, kipima sukari, vijiti vya kupimia na kitoboleo cha kidole viwe mezani kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani. Kalamu ya insulini na sindano zake zinaweza kuwa kwenye mfuko huohuo, au kwa msimamizi aliye chumbani humo, mradi usisubiri mtu akatafute ufunguo. Anayetumia pampu ya insulini anabaki nayo mwilini muda wote. Pampu haivuliwi kwa ajili ya ukaguzi.

Wanaotumia vidonge nao wasijisahau. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamidi, gliklazidi na wenzake wanaweza kabisa. Anayemeza hizo anastahili glukosi mezani sawasawa na anayejidunga.

## Nibebe sukari kiasi gani, na ya aina gani?

Matibabu ya kawaida ya sukari iliyoshuka kwa mtu mzima ni gramu 15 za wanga wa haraka, kisha kusubiri dakika 15 na kupima tena. Kama bado iko chini, unarudia. Kwa hiyo beba ya kutosha mara tatu, yaani gramu 45 hivi. Mtoto hupewa pungufu kulingana na uzito. Kipimo chake kiandikwe na wahudumu wake wa afya.

Vidonge vya glukosi ndivyo bora zaidi kwa chumba cha mtihani. Kimoja mara nyingi kina gramu 3 au 4, kwa hiyo vinne au vitano vinafikisha dozi. Havimwagiki, havipigi kelele vikitolewa kwenye karatasi yake, na vinahesabika. Vikikosekana, mililita 150 za juisi ya matunda zinakaribia gramu 15. Sukari ya kawaida nayo inafaa: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, vilivyokorogwa kwenye maji kidogo, ni kama gramu 16.

Chokoleti na karanga hazifai kwa kazi hii. Mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na dakika 15 hupita bila mabadiliko. Biskuti zina nafasi yake, lakini ni baadaye, kushikilia sukari iliyokwisha kupanda.

Kuna hitilafu moja tumeiona ikijirudia kwenye mipangilio ya vituo. Soda isiyo na sukari na soda ya kawaida zikibanduliwa lebo zinafanana kabisa. Mtu akinywa ile isiyo na sukari wakati sukari yake imeshuka, hakuna kitakachotokea, na muda unakwenda. Kama unabeba kinywaji, omba kibali kitaje "juisi au soda yenye sukari", na lebo ikaguliwe na msimamizi kabla haijabanduliwa. Vinginevyo shikilia vidonge.

## Sensa yangu ya sukari inasoma kwenye simu. Simu hairuhusiwi. Nifanyeje?

Chaguo la kwanza ni kuomba kisomeo cha pekee, kile kifaa kidogo kisicho simu. Aina nyingi za sensa zinacho, na hakuna msimamizi anayekiogopa kikiwa kwenye kibali.

Kisipopatikana, vituo vingi hukubali simu ikae kwa msimamizi ikiwa kwenye hali ya ndege, blutuuthi ikiwa imewashwa, na kengele za sukari zikiwa wazi. Tatizo la mpangilio huu ni umbali. Mawimbi ya sensa hufika kama mita 6 hadi 10, kutegemea aina, na mwili wa mtu au ukuta hupunguza. Ukikaa safu ya nyuma ya ukumbi na simu iko mbele, mawasiliano yanakatika bila mtu kujua, na kengele haitalia. Kwa hiyo omba kiti cha mbele au cha pembeni karibu na msimamizi, na mjaribu siku moja kabla: simu iwekwe mahali pake, ukae kwenye kiti chako dakika kumi, muone kama namba inabadilika. Pia hali ya ndege kwenye baadhi ya simu huzima blutuuthi yenyewe. Lazima uiwashe tena kwa mkono baada ya hapo.

Msimamizi naye aelezwe kengele ipi ni ya kushuka na ipi ni ya kupanda. Ya kushuka aje mezani mara moja. Ya kupanda inaweza kusubiri uinue mkono.

Hata ukiwa na sensa, beba kipima sukari cha kidole. Sensa hupima majimaji yaliyo chini ya ngozi, na husoma nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Sukari ikishuka kwa kasi, sensa inaweza kuonyesha milimoli 5.0 kwa lita wakati wewe tayari unatetemeka. Dalili na namba zikipingana, toboa kidole. Na kama huna hata nafasi ya kutoboa, kula glukosi kwanza.

## Nipangeje sindano na kifungua kinywa kabla ya mtihani?

Dozi zako ni mazungumzo kati yako na daktari, lakini saa za dawa zenyewe zinafaa kujulikana. Insulini ya haraka huanza kufanya kazi kama dakika 15 baada ya kujidunga, hufikia kilele kati ya saa moja na mbili, na mabaki yake huendelea saa 3 hadi 5.

Sasa angalia mtego wa asubuhi. Wasiwasi hutoa adrenalini na kotizoli, na hizo hupandisha sukari. Saa 2:30 unapima, unakuta 12. Unajidunga dozi ya kurekebisha ili uingie ukiwa sawa. Mtihani unaanza saa 3:00, wasiwasi unapungua ukishaona maswali, na kilele cha ile insulini kinakuja kati ya saa 3:30 na saa 4:30, katikati kabisa ya karatasi. Ndivyo watu wanavyoshukiwa na sukari kwenye mitihani ambayo nyumbani isingewashukia. Zungumza na daktari wako mapema kuhusu namba ambayo asubuhi ya mtihani uiache ilivyo.

Upande wa pili, ukipima nusu saa kabla na ukakuta chini ya 5, usiingie hivyo. Kula kidogo kwanza.

## Sukari ikinishukia katikati ya mtihani, nini hufanyika hasa?

Chini ya milimoli 4.0 kwa lita, ambayo ni takriban miligramu 70 kwa desilita, imeshuka na inatibiwa. Tuchukue mtihani wa saa tatu, kuanzia saa 3:00 hadi saa 6:00, na mtahiniwa mwenye kibali cha mapumziko yanayosimamisha saa.

Saa 1:00 alijidunga na kula. Saa 2:30 alipima 6.8, akaingia. Saa 4:20 anaona jasho, mikono inatetemeka, na amesoma swali moja mara tatu bila kulielewa. Anainua mkono, na wakati huohuo anatoa kipimo. Hahitaji kusubiri ruhusa ya kupima, kwa sababu iko kwenye kibali. Kinasoma 3.4. Anatafuna vidonge vinne vya gramu 4. Msimamizi anaandika: saa imesimama 4:20. Karatasi ya maswali na ya majibu zinafunikwa au kugeuzwa.

Saa 4:35 anapima tena: 4.3. Namba imerudi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuanza kuandika papo hapo. Damu imepata sukari, lakini umakini na wepesi wa kufikiri huchelewa kurudi, wakati mwingine hadi dakika 45 baada ya namba kuwa nzuri. Mtahiniwa wetu anakula biskuti mbili, kwa kuwa chakula cha mchana kiko mbali, anakaa, na anaendelea saa 4:55 anapoweza kusoma swali mara moja na kulielewa. Amepoteza dakika 35, kwa hiyo mwisho wake unakuwa saa 6:35. Hilo linaandikwa kwenye ripoti ya chumba pamoja na namba zote mbili.

Kama saa 4:35 angekuta bado iko chini ya 4.0, angekula dozi ya pili. Kama angekuwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, hapewi chochote mdomoni, kwa sababu kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Anageuzwa ubavu, gari la wagonjwa linaitwa, na aliyefunzwa anampa glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, kama ipo.

Tambua tofauti ya vibali viwili. Muda wa ziada ni dakika zinazoongezwa mwishoni hata kama hakuna kilichotokea. Mapumziko yanayosimamisha saa hutumika tukio likitokea, na hurudisha dakika zilezile zilizopotea. Kwa mwenye kisukari, kibali cha pili kwa kawaida kinafaa zaidi, maana hujui mapema utapoteza dakika tano au arobaini. Ukipewa cha kwanza tu, uliza kama unaweza kuongezewa cha pili.

## Na ikipanda?

Dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara, macho kuona ukungu na uchovu mzito. Maji mezani na ruhusa ya kwenda chooni bila kupangiwa zamu ndiyo mahitaji ya kwanza. Ikizidi milimoli 14 kwa lita, mwenye kisukari cha aina ya kwanza anatakiwa apime ketoni, yaani tindikali zinazojengeka mwilini insulini ikipungua. Zikiwepo kwa wingi, au ukianza kutapika, mtihani unaishia hapo na safari ni ya hospitali.

Kujidunga mezani kunaruhusiwa kwenye kibali kinachosema hivyo, na kwa kalamu huchukua chini ya dakika moja. Wengi hupendelea kusogea pembeni na msimamizi, ama kwa faragha ama ili wasiwasumbue jirani. Chagua mwenyewe, ila kiandikwe. Chooni si mahali pazuri pa kujidungia. Usafi wake hauaminiki na hakuna pa kuweka vitu.

Sindano iliyotumika haiachwi juu ya meza, wala haitupwi kwenye pipa la karatasi ambalo mhudumu atalikusanya kwa mikono. Ingia na kichombo kigumu chenye kifuniko, na uondoke nacho.

## Insulini itaharibika kwenye chumba chenye joto?

Kalamu unayoitumia hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, kwa aina nyingi chini ya nyuzi 30, hadi takriban wiki nne. Saa tatu ndani ya ukumbi haziisumbui. Kinachoiua ni mkoba ulioachwa juani nje ya mlango au ndani ya gari lililofungwa. Barafu nayo ni hatari vilevile: insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo usiipakie ikigusana na barafu. Kalamu ambazo hazijafunguliwa zibaki nyumbani kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

## Nina pumu. Inhela ikae mezani au kwa msimamizi?

Mezani au mfukoni mwako. Inhela ya kufungua njia ya hewa haipaswi kuwa mbali kiasi cha kukulazimu uite mtu, maana mtu aliyebanwa kifua huenda asiweze kuita. Itoe kwenye boksi, toa na karatasi ya maelezo, iache lebo ya kopo lenyewe. Spesa, ile chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela, nayo iwepo kama unaitumia. Huonyesha ndani na hukaguliwa kwa kutazama tu.

Inhela ya kuzuia, inayotumika asubuhi na jioni, haina haja ya kuingia. Lakini msimamizi asiamue kwa rangi. Zamani ilitosha kusema "ya bluu ndiyo ya dharura", na salbutamoli bado mara nyingi ni bluu. Siku hizi kuna wagonjwa wanaotumia inhela moja yenye budesonidi na formoteroli kwa kuzuia na kwa dharura pia, na hiyo inaweza kuwa na rangi nyingine kabisa. Kibali kitaje jina la dawa.

## Nitajuaje kama inhela bado ina dawa?

Kama ina kihesabu, soma namba. Kama haina, hesabu mwenyewe tangu ulipoifungua. Makopo mengi ya salbutamoli yana mipulizo 200. Kuitikisa hakusaidii, kwa sababu gesi inayosukuma hubaki baada ya dawa kuisha: kopo linapuliza, unahisi ubaridi mdomoni, na hakuna dawa. Kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea pia si kipimo cha kuaminika, na maji yanaweza kuziba tundu lake.

Inhela mpya, au iliyokaa siku kadhaa bila kutumika, hupulizwa hewani mara mbili kwanza ili dozi ya kwanza iwe kamili. Fanya hivyo nyumbani asubuhi. Jirani yako mwenye njia nyeti za hewa hatapenda ufanye ukumbini.

## Nikibanwa kifua wakati wa mtihani?

Simamisha kazi, inua mkono, kaa wima na ulegeze kola. Usilale. Tikisa inhela ya salbutamoli, vuta mpulizo mmoja kwa spesa au bila, subiri sekunde 30 hadi 60, kisha mwingine, hadi ufikie kumi. Wengi hupata nafuu mapema zaidi na huacha hapo. Ukifika kumi bila nafuu, au ukiwa unazidiwa wakati wowote, gari la wagonjwa liitwe. Likichelewa, mipulizo kumi hurudiwa baada ya dakika kumi. Anayetumia inhela ya budesonidi na formoteroli afuate mpango wake ulioandikwa, kwa kuwa hesabu yake ni tofauti.

Dalili za hatari ambazo msimamizi anaweza kuziona bila kuwa mganga ni mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ngozi kati ya mbavu au kwenye koo inayozama ndani anapovuta, na midomo kugeuka rangi ya majivu au buluu. Mlio kifuani ukipotea ghafla huku mtu bado anahangaika, hiyo si nafuu. Hewa haipiti.

Baada ya mipulizo kadhaa mikono hutetemeka na moyo hudunda. Ni athari ya kawaida ya salbutamoli na huisha yenyewe, lakini kwa anayeandika kwa mkono au kuchora grafu inaharibu kazi. Hiyo ni sababu tosha ya kuomba saa isimamishwe hadi mkono utulie, ingawa pumzi tayari imerudi. Na ukihitaji tena inhela ndani ya muda wa saa nne tangu uitumie, usiendelee kama kawaida. Mwambie msimamizi, na uonwe na mganga.

Kama vumbi la chaki, manukato au kiyoyozi huamsha pumu yako, omba kiti mbali navyo wakati wa kuomba kibali. Asubuhi ya mtihani viti huwa vimeshapangwa.

## Kalamu ya adrenalini kwa ajili ya mzio mkali?

Iwe mezani, na ziwe mbili, kwa sababu dozi ya pili inaweza kuhitajika baada ya dakika tano. Huchomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo. Msimamizi ajue hili, maana mara nyingi yeye ndiye atakayechoma. Mtu mwenye mzio wa karanga akiwa chumbani, kituo kina haki ya kupiga marufuku vitafunio vyenye karanga kwa wote.

## Barua ya daktari iandikwe nini?

Barua inayosema "mwanafunzi huyu ana kisukari, tafadhali msaidieni" haina kazi, kwa kuwa haimwambii msimamizi aruhusu kitu gani. Inayofaa hutaja vitu kimoja kimoja: "Awe nayo mezani: vidonge vya glukosi hadi 12, kipima sukari na vifaa vyake, kalamu ya insulini, maji. Aruhusiwe kupima, kula na kujidunga bila kuomba. Aruhusiwe kwenda chooni akihitaji. Saa isimamishwe sukari ikiwa chini ya 4.0 na hadi atakapokuwa tayari." Kwa pumu, itaje jina la inhela, spesa, na idadi ya mipulizo ya dharura.

Peleka mapema, ndani ya muda uliowekwa na bodi, kisha uombe kibali chenyewe kwa maandishi. Nakala tatu zinatosha: moja ya kituo, moja mfukoni, moja ndani ya mfuko wa dawa. Hiyo ya mfukoni ndiyo inayookoa, kwa sababu msimamizi wa asubuhi si lazima awe wa mchana, na wa mchana huenda hajaambiwa kitu.

## Msimamizi akinikatalia mlangoni?

Mwonyeshe kibali na uombe amwite msimamizi mkuu. Usibishane naye kuhusu ugonjwa. Uliza tu nani anaweza kuthibitisha kibali. Fika dakika 30 kabla ili mazungumzo haya yasile muda wa karatasi. Kama bado glukosi au inhela inachukuliwa, omba iandikwe kwenye ripoti ya chumba, pamoja na saa na jina la aliyeamua. Malalamiko yasiyo na maandishi ya siku hiyo ni magumu kuyathibitisha baadaye.

Kukaguliwa si kukataliwa, hata hivyo. Msimamizi ana haki ya kufungua mfuko, kutazama ndani ya boksi na kugeuza kila kitu. Hana haja ya kushika sindano wala kutikisa kalamu. Unaweza kumwonyesha wewe mwenyewe.

## Mtihani ukiwa kwenye kompyuta?

Maji na chakula mara nyingi hubaki nje ya chumba kwa sababu ya vifaa. Vidonge vya glukosi, inhela na vifaa vya kupimia huwa na orodha yake ya vitu vinavyoruhusiwa, na kwenye vituo vingi hukaguliwa kwa macho bila kibali kirefu, ila kinywaji chenye sukari na simu ya sensa huhitaji kuombwa. Uliza jambo moja zaidi: kama programu ya mtihani inaweza kusimamishwa katikati. Baadhi ya programu zikianza haziwezi kusimama, na saa iliyoahidiwa kwenye kibali inaendelea kwenda kwenye skrini. Katika hali hiyo muda wa ziada unatakiwa uingizwe kwenye mfumo kabla ya siku ya mtihani, na aliye chumbani hana uwezo wa kuuongeza kwa mkono.